Acheni kununua spidi, ng'oeni kwanza huo mnyororo wa swichi

Wadau, leo nina hasira kidogo, mnivumilie. Nimechoka kusikia neno "mtandao uko slo" likitamkwa maofisini kana kwamba ni hali ya hewa, kwamba leo kuna mvua, kesho kuna jua, keshokutwa mtandao uko slo, na binadamu hana la kufanya. Mtandao wa ofisi si hali ya hewa. Ni nyaya na viboksi, na nyaya na viboksi viliwekwa na mtu, kwa mkono wake, siku fulani, kwa bajeti fulani. Kama upande mmoja wa ofisi unapaa na upande mwingine unatambaa, basi kuna mtu aliyeupanga uwe hivyo, hata kama hakujua anachokifanya.

Na ninyi mnaofanya kazi upande unaotambaa mnajijua. Mko mwisho wa korido, karibu na choo au karibu na dirisha linaloangalia jenereta. Asubuhi mambo si mabaya. Saa nne faili linafunguka kwa kusuasua. Saa kumi jioni, wakati kila mtu ana haraka, mnabonyeza kitufe cha kuhifadhi kisha mnakwenda kununua karanga. Mkilalamika, bosi anatoka ofisini kwake, anawaangalia kwa huruma na kusema: "Mbona kwangu inapaa?"

Kwake inapaa kweli, hadanganyi. Na sababu ya yeye kupaa na nyinyi kutambaa iko chini ya meza zenu, imejaa vumbi, inawaka vitaa vya kijani. Inaitwa swichi.

Hebu tuanze na jinsi ugonjwa wenyewe unavyoingia, maana hauji siku moja. Kampuni inahamia ghorofa jipya ikiwa na watu sita. Fundi anakuja, anaweka ruta na seva karibu na mapokezi, ananunua swichi moja ya matundu manane, anachomeka kila mtu. Safi kabisa. Mwaka unaofuata wanaajiriwa watu sita wengine wa masoko. Matundu yamejaa. Kuvuta waya mpya kwa kila mtu kutoka mapokezi ni kazi: kutoboa ukuta, kupandisha nyaya darini, siku mbili za fundi. Basi inanunuliwa swichi nyingine ya bei ya soda, inachomekwa kwenye tundu la mwisho la ile ya kwanza, na watu sita wanachomekwa humo. Inafanya kazi! Fundi anasifiwa. Mwaka mwingine wanakuja wasanifu kurasa, swichi ya tatu inaning'inizwa kwenye ya pili. Halafu chumba cha habari kinasogezwa mwisho wa korido, swichi ya nne inaning'inizwa kwenye ya tatu. Hakuna siku hata moja ambayo mtu alikaa na kuamua "tujenge mnyororo". Ulijijenga, tundu kwa tundu, risiti kwa risiti.

Ofisi ninayoielezea ninaifahamu, iko Dar es Salaam, jina naliacha kwa sababu nataka tuongee jambo na si jina. Kwenye swichi ya kwanza kuna seva, ruta ya intaneti, bosi, na wahasibu wanne. Tundu la nane linakwenda kwenye swichi ya pili, yenye watu sita wa masoko. Hiyo nayo inatoa waya kwenda ya tatu, yenye wasanifu sita. Hiyo inatoa waya kwenda ya nne, ambako wamekaa waandishi saba. Swichi zote ni za megabiti 100 kwa sekunde. Jumlisheni wenyewe: sita, sita na saba ni watu kumi na tisa, na wote kumi na tisa, wakitaka chochote kutoka kwenye seva au kwenye intaneti, wanapita kwenye waya MMOJA, ule wa tundu la nane.

Hapo muuzaji wa Kariakoo atakuonyesha boksi. Boksi limeandikwa kwa fahari kwamba swichi ina uwezo wa gigabiti 1.6 kwa sekunde. Na si uongo. Matundu manane, kila moja megabiti 100 za kwenda na 100 za kurudi, ukizidisha unapata 1,600. Lakini hesabu hiyo ina maana pale tu watu waliomo ndani ya swichi hiyo hiyo wanapoongea wenyewe kwa wenyewe. Sasa niambieni, ni lini mwandishi wa michezo alituma faili moja kwa moja kwenye kompyuta ya jirani yake? Kila mtu anakwenda kulekule: kwenye seva na kwenye ruta. Ukumbi una milango minane lakini watu wote wanataka kutoka kwa mlango mmoja, halafu unanitangazia jumla ya upana wa milango yote!

Megabiti 100 ni kiasi gani kwa lugha ya mtumiaji? Ukigawa kwa nane unapata megabaiti 12.5 kwa sekunde, na ukiondoa gharama za bahasha zinazobeba data unabaki na kama 11 au 12. Msanifu mmoja akifungua faili la ukurasa lenye megabaiti 600 kutoka kwenye seva, peke yake anaujaza ule waya karibu dakika nzima. Wakifungua wawili pamoja ni karibu dakika mbili. Katika dakika hizo mbili, barua pepe ya mwandishi, ukurasa wa mahakama anaoutafuta, simu ya intaneti anayopiga kumhoji mtu Dodoma, vyote vinagombania nafasi kwenye waya uleule. Intaneti yenyewe inaweza kuwa imelala haina kazi. Haifiki tu kwake.

Ndiyo maana nasema kununua spidi ni kupaka rangi nyumba inayovuja. Ofisi ile ilikuwa na laini ya intaneti ya megabiti 20. Malalamiko yalipozidi wakapandisha hadi 40, na bili ikapanda kila mwezi. Mwisho wa korido hakuna kilichobadilika. Kingebadilikaje? Laini ya 20 haikuwa imejaa, kilichojaa ni waya wa tundu la nane, na haukujazwa na intaneti bali na mafaili ya ndani kati ya seva na wasanifu. Wameongeza maji kwenye tangi wakati bomba la kwenda jikoni limezibwa na wao wenyewe.

Lakini mtauliza: kama watu kumi na tisa wanagawana waya mmoja, si wangeumia wote sawasawa? Kwa nini waandishi wa mwisho wanaumia kuliko watu wa masoko? Swali zuri, na hapa ndipo penye utamu.

Fikirini barabara ya Morogoro kabla ya saa mbili asubuhi, magari yanaingia mjini. Trafiki amesimama kwenye makutano na anataka kutenda haki. Anaruhusu gari moja kutoka barabara kuu, gari moja kutoka barabara ya pembeni. Moja huku, moja kule. Anadhani anatenda haki. Lakini barabara kuu imebeba watu wa Kibaha na Mbezi wote, na barabara ya pembeni imebeba mtaa mmoja. Makutano yanayofuata, trafiki mwingine anafanya hivyohivyo. Yule aliyetoka Kibaha anagawanywa nusu kwenye kila makutano anayopita.

Swichi ya bei nafuu ndiyo huyo trafiki. Haijui kwamba waya huu umebeba mtu mmoja na waya ule umebeba watu kumi na tatu. Inachoona ni matundu mawili yanayotaka kutokea tundu moja, basi inayapa nafasi takribani sawa. Twende na hesabu ya saa kumi na moja jioni, kila mtu akipeleka kazi yake kwenye seva. Waandishi wanatoka swichi ya nne na megabiti 100 zao. Kwenye swichi ya tatu wanakutana na msanifu mmoja anayehifadhi faili kubwa: yeye 50, waandishi wote saba 50. Waya huo, ambao sasa umejaa, unafika swichi ya pili na kukutana na mtu mmoja wa masoko anayepakia video: yeye 50, na waandishi wanabaki na 25. Unafika swichi ya kwanza, pale pa kuingilia seva, na kukutana na mhasibu mmoja anayehifadhi nakala ya hesabu za siku: mhasibu 50, chumba kizima cha habari 12.5.

Megabiti 12.5 kwa watu saba! Hata mpiga picha akibahatika kuitumia yote peke yake, kadi yake ya picha yenye gigabaiti 2 inachukua kama dakika 21. Mhasibu mmoja akiwa na mzigo uleule, saa ileile, jengo lilelile, anamaliza kwa dakika tano na kitu. Wakiwa waandishi saba wote wanatuma, kila mmoja anabaki na chini ya megabiti 2. Na angalieni, sijahitaji umati. Nimetumia msanifu mmoja, mtu wa masoko mmoja na mhasibu mmoja tu.

Kwa haki ya mjadala niseme kwamba mgawanyo halisi hautoki sawasawa hivi kila dakika. Programu za kunakili mafaili zina tabia ya kupunguza mwendo zinapohisi foleni, na nyingine ni king'ang'anizi kuliko nyingine. Lakini mwelekeo ni huo: kila makutano unayopita ni pahala pengine pa kunyang'anywa, na wa mwisho anapita makutano mengi kuliko wote.

Na kuna jambo jingine ambalo boksi linalitaja kama sifa. Utaona limeandikwa linafuata 802.3x, yaani udhibiti wa mtiririko. Swichi hizi ndogo zina kumbukumbu ndogo sana ya kuhifadhia foleni. Chukua yenye kilobaiti 128: matundu mawili yaliyojaa yakitaka kutokea tundu moja, kumbukumbu hiyo inajaa kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde. Ikijaa, ama inatupa data, ama inamtumia jirani yake ujumbe mfupi wa "subiri". Kusubiri ni afadhali kuliko kutupa, si ndiyo? Kwa kompyuta moja, sawa. Lakini kwenye mnyororo, jirani anayeambiwa asubiri ni swichi nyingine, yenye watu sita au saba nyuma yake, na ujumbe ule hauchagui. Hausemi "zuia mafaili ya kwenda kwenye seva tu". Unasimamisha kila kitu kinachotoka kwenye waya huo. Kumbukumbu ya swichi hiyo nayo inajaa, nayo inamwambia jirani wa nyuma yake asubiri. Foleni inarudi nyuma hatua kwa hatua hadi mwisho wa korido. Ndiyo maana mwandishi anatuma ukurasa mmoja kwenye printa iliyoko kwa wasanifu, mita kumi kutoka kwake, isiyohusiana kabisa na seva, na printa inakaa kimya. Anaitukana printa. Maskini printa haina kosa.

Sasa nije kwenye utetezi wa mafundi, maana najua mtaniandikia.

Utetezi wa kwanza: "Tulipima, iko poa." Mlipima lini? Jumamosi, ofisi ikiwa tupu! Mnyororo mtupu hauna tatizo lolote. Kila swichi inamchelewesha mtu kwa kuisoma bahasha nzima kabla ya kuipitisha, na kwa megabiti 100 bahasha kubwa kabisa ya kawaida inachukua kama sehemu 0.12 ya milisekunde. Swichi nne ni nusu milisekunde. Hakuna binadamu anayehisi nusu milisekunde. Kwa hiyo wale wanaosema "tatizo ni wingi wa swichi" nao hawajalenga. Wingi peke yake hauumizi. Kinachoumiza ni kugawana njia, na njia haigawanywi mpaka watu wawepo.

Pima hivi. Weka kompyuta moja karibu na seva, kwenye swichi ya kwanza, uendeshe programu ya bure iitwayo iperf3, na nyingine uipeleke mwisho wa korido. Ya kwanza iwe msikilizaji:

```
iperf3 -s
```

Ya mwisho wa korido ipeleke data kwa nusu dakika, kisha ipokee kwa nusu dakika, ukibadilisha anwani iwe ya msikilizaji wako:

```
iperf3 -c 192.168.1.10 -t 30
iperf3 -c 192.168.1.10 -t 30 -R
```

Fanya saa moja asubuhi kabla watu hawajafika. Kwenye swichi za megabiti 100 zilizo nzima utapata kama megabiti 94, popote ulipo, hata mwisho kabisa. Hiyo ndiyo namba fundi aliyoiona Jumamosi. Rudia saa kumi na moja jioni. Kule ninakokuongelea, saa kumi na moja jioni kompyuta ya mwisho wa korido ilileta 9. Kutoka 94 hadi 9, bila waya wowote kukatika. Ukipata 9 hata saa moja asubuhi, basi una ugonjwa mwingine: waya umeharibika, au swichi mbili hazikuelewana zikashuka hadi megabiti 10, na kila aliye nyuma ya waya huo ameshuka nao. Tofauti ya asubuhi na jioni ndiyo inayokuambia ni kugawana na si kuharibika.

Kama hutaki programu, fungua dirisha la amri mwisho wa korido na uiache hii ikikimbia siku nzima:

```
ping -t 192.168.1.10
```

Ofisi ikiwa shwari utaona `time<1ms` mstari baada ya mstari. Wasanifu wakianza kufungua mafaili utaona milisekunde kadhaa, kisha hapa na pale `Request timed out`. Andika saa ya kila moja. Halafu fanya vilevile kwenye kompyuta ya mhasibu. Ukiwa na karatasi mbili hizo mkononi, ule mjadala wa "mbona kwangu inapaa" unaisha.

Na tafadhali usinionyeshe ile alama ya kompyuta yako inayosema umeunganishwa kwa megabiti 100 au hata gigabiti 1. Hiyo ni spidi ya kutoka kwako hadi kwenye swichi iliyo chini ya meza yako. Haisemi chochote kuhusu safari iliyobaki.

Utetezi wa pili: "Tutaweka waifai." Kifaa cha waifai mtakichomeka wapi? Kwenye swichi ya nne, mwisho wa korido, kwa sababu ndipo palipo na tundu. Mmewaondolea watu waya wa mita mbili na kuwaacha na mnyororo uleule, na sasa na simu zao ziko humohumo.

Utetezi wa tatu ni bajeti, na huu ndio unaoniudhi kuliko yote, kwa sababu waliotoa hoja hiyo ndio haohao walioongeza mara mbili bili ya intaneti ya kila mwezi. Waya unavutwa mara moja. Bili inarudi kila mwezi.

Dawa ni hii, na si siri. Badala ya mnyororo, weka nyota. Swichi moja nzuri ya matundu 24 ya gigabiti inakaa karibu na seva. Kutoka hapo, kila kundi linapata waya wake lenyewe: mmoja kwa masoko, mmoja kwa wasanifu, mmoja kwa waandishi. Waya mmoja wa shaba unaruhusiwa kufika mita 100, ukijumlisha na vipande vya mwisho vya kuchomekea, na ghorofa nyingi za hapa mjini hazifiki huko. Boksi la waya lina mita 305, kwa hiyo safari tatu za mita 40 au 50 zinatoka kwenye boksi moja na kubaki. Hapo mwandishi anapita makutano mawili badala ya manne, na hakutani na msanifu wala mtu wa masoko mpaka kwenye swichi kubwa.

Msisahau seva. Ukijenga nyota halafu seva yenyewe ikabaki na tundu la megabiti 100, umehamisha foleni kutoka koridoni na kuipeleka mlangoni pa seva. Seva ipewe gigabiti, na zile nyaya tatu nazo ziwe gigabiti. Wala hatuongelei teknolojia ya kesho: kiwango cha megabiti 100 kilitoka mwaka 1995, na kile cha gigabiti kwenye waya wa shaba mwaka 1999. Swichi "mpya" mnayouziwa ina umri wa mtu mwenye watoto.

Kama kweli hakuna pesa ya kuvuta waya mwezi huu, anzeni kwa kubadilisha swichi zilizo kwenye mnyororo ziwe za gigabiti, huku kompyuta zikibaki kama zilivyo. Mnyororo utabaki mnyororo, lakini njia ya pamoja itakuwa pana mara kumi, na ofisi ya watu ishirini inaweza isihisi kitu kwa muda mrefu. Hilo nalikubali, sipingi kila mnyororo duniani. Angalieni tu waya wenyewe. Megabiti 100 hutumia jozi mbili kati ya jozi nne za ndani ya waya, na kuna mafundi walioligeuza hilo kuwa ujanja: wanapasua waya mmoja na kuhudumia kompyuta mbili. Gigabiti inataka jozi zote nne. Kama nyaya zenu zilipasuliwa, au ni zile za aluminiamu iliyopakwa shaba juu, swichi mpya haitawasaidia mpaka waya ubadilishwe. Nunueni shaba tupu, kategoria ya 6.

Na siku ya kuhamia kwenye nyota, chomoeni kwanza waya wa zamani kati ya swichi na swichi, ndipo mchomeke mpya. Mkiacha yote mawili mmetengeneza duara, na swichi hizi za bei nafuu nyingi hazina akili ya kulitambua duara. Ujumbe mmoja wa kutangazia wote utazunguka humo bila kukoma, vitaa vyote vitawaka kwa pamoja kama disko, na ofisi nzima itazimika, bosi akiwemo. Ingawa, nikifikiria vizuri, huenda hiyo ndiyo siku pekee ambayo bosi angeelewa.

Mnajua kwa nini nimeandika marefu hivi juu ya kiboksi? Kwa sababu mnyororo huu una watu. Katika ofisi ile, dada mmoja anayeandika habari za mahakama alipewa barua ya onyo kwa kuchelewesha kazi mara tatu katika mwezi mmoja. Barua ilisema "uzembe". Kijana mpiga picha alikatwa posho. Hakuna aliyepima chochote. Walitazama saa ambayo faili lilifika kwenye seva, wakaona jioni sana, wakahukumu. Wahasibu hawakuwahi kuchelewa, na wakasifiwa kwa nidhamu! Nidhamu gani? Walikuwa wamekaa kwenye swichi ya kwanza.

Angalia pia ramani ya nani anakaa wapi. Anayesaini malipo ya fundi anakaa swichi ya kwanza. Anayeandika barua za onyo anakaa swichi ya kwanza. Fundi mwenyewe, akija kupima, anakaa kwenye kiti cha mapokezi, swichi ya kwanza. Wenye uwezo wa kulitatua tatizo wote wamekaa mahali ambapo tatizo halifiki.

Julai 2009, mkonga wa SEACOM ulipoanza kazi, na EASSy ukafuata mwaka 2010, tuliambiwa kisingizio cha intaneti kimekwisha. Ni kweli, mkonga ulivuka bahari ya Hindi ukafika. Kinachotushinda ni mita arobaini za korido.

Kwa hiyo, wewe uliye mwisho wa korido: kesho usiseme tena "mtandao uko slo". Inama, fuata waya wako kutoka swichi hadi swichi mpaka ufike kwenye seva, chora ukihesabu watu wa kila kiboksi, pima asubuhi na jioni, kisha peleka karatasi hiyo pamoja na majibu ya barua yako ya onyo. Na wewe mwenye saini: kabla hujaongeza megabiti hata moja, hamisha kiti chako ukafanye kazi wiki moja kwenye swichi ya nne. Tutaongea Ijumaa jioni, saa kumi na moja.

Naomba kuwasilisha. Mwenye hoja tofauti alete, ila aje na vipimo vya jioni, si vya Jumamosi.